Kidonge kabla ya mimba: mwongozo kamili wa kuziwahi siku 28 za mrija wa neva

Kosa ni lile lile kila mara. Mama anafika kliniki mimba ina miezi mitatu, anapewa vidonge vya damu vyenye foliki asidi ndani yake, anavimeza vyote bila kuruka hata kimoja, na bado mtoto anazaliwa na mgongo wazi. Anauliza: sasa vile vidonge vilikuwa vya nini? Vilikuwa vya damu, na kwa damu vilifanya kazi yake. Kwa mgongo vilichelewa. Siku alipokimeza cha kwanza, mgongo wa mtoto ulikuwa umeshafunga, au umeshashindwa kufunga, wiki saba nyuma.

Basi mwongozo huu ni wa kazi moja tu: kuhakikisha foleti, vitamini ambayo kwenye kidonge huitwa foliki asidi, imo mwilini kabla ya siku zinazohusika. Unamhusu bi harusi mtarajiwa, mke anayetaka kutoa kijiti au kuacha sindano ya uzazi, mama anayenyonyesha ambaye hedhi haijarudi, na zaidi ya wote yule aliyewahi kupata mtoto wa mgongo wazi.

## Vitu vya kuweka tayari

Vidonge vya foliki asidi vya mikrogramu 400, yaani 0.4 mg, vya kutosha miezi mitatu kwa kuanzia. Kama havipatikani, vidonge vya madini ya chuma vyenye foliki asidi vinafaa, ilimradi usome kiasi kilichoandikwa (hatua ya 3).

Kalenda ya ukutani au daftari, na kalamu. Ukihesabu kwa mwezi mwandamo pia sawa, mradi uandike.

Orodha ya dawa zote unazotumia: za kifafa, za kisukari, septrini ya kila siku, za miti shamba, zote.

Kopo lenye mfuniko unaokaza. Joto na unyevunyevu wa kwetu haviwafai vidonge, na foliki asidi inaharibiwa pia na mwanga. Usiviweke dirishani wala jikoni juu ya jiko.

## Hatua ya 1: Jua kinachotokea ndani ya siku 28

Ukiruka hatua hii utameza vidonge, lakini hutajua kwa nini tarehe ina uzito kuliko wingi. Siku ninazotaja hapa zinahesabiwa tangu mimba kutunga, si tangu hedhi ya mwisho.

Kufikia siku ya 18 au 19 kiinitete bado ni kitu bapa, urefu wake ni milimita moja au mbili. Juu ya mgongo wake, katikati, kuna ukanda mnene kidogo wa seli, ndio bamba la neva. Ubongo wote na ugwemgongo wote, yaani kamba ya neva ipitayo ndani ya uti wa mgongo, utatoka hapo.

Siku mbili tatu baadaye kingo za bamba zinainuka huku na huku, katikati pakabaki mfereji. Kingo zinaendelea kuinuka na kuelekeana mpaka zigusane na kufunga kuwa mrija, ndio mrija wa neva. Mguso wa kwanza ni karibu na siku ya 22, na hauanzii kichwani wala mkiani. Unaanzia pale patakapokuwa shingo, kisha kufunga kunaelekea juu na kunaelekea chini. Fikiria fundi anayeshona mkono wa kanzu: kitambaa bapa kinakunjwa, kingo zinaletwa pamoja, naye anaanza mshono katikati halafu anakwenda ncha hii na ncha ile. Uwazi wa juu unafunga kama siku ya 25. Wa chini unafunga wa mwisho, siku ya 27 au 28.

Sasa angalia hitilafu inavyofuata mahali. Uwazi wa juu usipofunga, fuvu na sehemu kubwa ya ubongo havikamiliki, na mtoto huyo haishi. Uwazi wa chini usipofunga, ndio mgongo wazi, na mara nyingi unaonekana kiunoni au chini yake. Pingili za uti wa mgongo zilipaswa kuja kuuzunguka mrija na kukutana nyuma yake. Mrija ukiwa wazi, pingili hazina namna ya kukutana, na ngozi nayo haifuniki.

Madhara hayaishii siku ya 28. Neva zilizobaki wazi zinakaa kwenye maji ya uzazi miezi yote iliyobaki, zikichakaa. Ndiyo sababu ya udhaifu wa miguu, mkojo usiozuilika na haja kubwa isiyo na mpango. Na maji yanayozunguka ubongo na ugwemgongo yanavuja pale penye uwazi, sehemu ya nyuma ya ubongo inavutwa chini shingoni, inaziba njia ya maji hayo, kichwa kinajaa. Ndiyo maana kwetu watu wanazoea kutaja maradhi haya pamoja, mgongo wazi na kichwa kikubwa, kama ndugu. Wengi wa watoto wenye uwazi wa aina hii wanapata vyote viwili.

### Foleti inaingiaje hapa

Kingo za bamba zinainuka kwa sababu seli zinaongezeka kwa kasi na kujipanga upya. Kila seli kabla haijagawanyika inanakili DNA yake yote. Mojawapo ya herufi nne za DNA, thimini, haiwezi kukamilika mpaka foleti ilete chembe moja ya kaboni. Foleti ikipungua, seli inachomeka urasili mahali pa thimini, kisha inakata na kurekebisha, inakata na kurekebisha, na mgawanyiko unakwenda polepole. Katika ini la mtu mzima ucheleweshaji huo husikii. Katika kingo mbili zenye siku sita tu za kukutana na kufunga, unatosha kuharibu.

Foleti ina kazi ya pili: inachangia kutengeneza vikundi vya methili ambavyo seli inavitumia kuwasha na kuzima jeni. Wataalamu bado wanabishana ipi kati ya kazi hizi mbili ina uzito zaidi hapa. Kwa mama anayehesabu siku, jibu la ubishi huo halibadilishi kitu.

Tahadhari ya kuelewa. Upungufu wa foleti haufumui mrija uliokwisha kufunga. Unauzuia kufunga. Kwa hiyo mama aliyeishiwa vidonge mwezi wa sita asikae akilia kwamba amempasua mtoto mgongo. Na si kila mgongo wazi unatokana na foleti: zipo za kurithi, zipo za kisukari kisichodhibitiwa, zipo za dawa. Foliki asidi ikiwahi inaweza kuzuia mpaka kama saba katika kila kumi. Tatu zilizobaki si dhambi ya mtu, wala si jicho, wala si kwamba mama alipita mahali pabaya magharibi.

Umefaulu hatua hii ukiweza kumweleza mwenzako kwa nini wiki ya sita ya mimba, kwa hesabu ya tangu hedhi ya mwisho, imeshachelewa.

## Hatua ya 2: Hesabu kurudi nyuma

Tuchukue bi harusi wa Konde. Harusi imepangwa mwisho wa Agosti, na nyumba zote mbili zinaomba mtoto apatikane mapema. Hedhi yake ni ya siku 28, haibadiliki sana. Baada ya harusi hedhi inakuja tarehe 1 Septemba. Hiyo ndiyo itakuwa ya mwisho.

Yai linatoka katikati ya mwezi wake, na mimba inatunga tarehe 15 Septemba. Bado hana habari. Tarehe 29 Septemba anategemea hedhi, haiji. Anasema labda ni uchovu wa harusi na kubadilisha nyumba.

Tarehe 3 Oktoba, siku ya 18, bamba la neva lipo. Tarehe 7 Oktoba kingo zinagusana shingoni. Tarehe 10 uwazi wa juu unafunga. Tarehe 13 Oktoba wa chini unafunga, au haufungi.

Tarehe 13 Oktoba hedhi yake imechelewa wiki mbili. Ndiyo wiki ambayo wengi wetu tunaanza kumwambia mama au wifi, "Nahisi kama nimeshika." Kliniki atakwenda Novemba, pengine Disemba, maana kuna wanaoona haya kwenda tumbo halijaonekana na wanaoogopa husuda. Hata angekwenda kliniki siku ile ile ya kuhisi, kidonge cha kwanza kingemkuta mlango umefungwa.

Basi aanze lini? Jibu ni mwanzo wa Juni, kama wiki 12 kabla ya harusi. Sababu iko kwenye damu yenyewe. Akiba ya foleti imo ndani ya chembe nyekundu, na chembe hiyo inapokea foleti inapotengenezwa tu, ndani ya uboho. Ikishatoka kuzunguka haipokei tena, na inaishi siku kama 120. Kwa hiyo kidonge cha wiki moja kinainua foleti ya majimaji ya damu, lakini chembe za zamani zenye upungufu bado zipo. Zinahitaji wiki nyingi kubadilishwa na mpya. Kwa mikrogramu 400 kwa siku, wanawake wengi wanafikia kiwango kizuri katika wiki nane mpaka 12.

Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango hicho kuwa zaidi ya nanomoli 906 kwa lita ya chembe nyekundu. Huna haja ya kukipima. Ni kipimo cha jamii nzima, si cha mtu mmoja kuitia shaka mimba yake.

Kwa hiyo kanuni ya kuandika kwenye kalenda ni hii: chukua siku ya kwanza ambayo mimba inaweza kutunga, rudi nyuma miezi mitatu, tia alama. Kwa mchumba, siku hiyo ni harusi, hivyo vidonge vianze mara tarehe inapokubaliwa. Makungwi na masomo wanaokaa na wari wana nafasi ambayo muuguzi hana, na mafunzo haya yangekaa vizuri pale pale na yale ya usafi na hedhi. Kwa anayetoa kijiti, aanze miezi mitatu kabla ya kukitoa, si siku ya kukitoa.

Anayenyonyesha ndiye anayenitia wasiwasi kuliko wote. Hedhi haijarudi, lakini yai la kwanza linatoka kabla ya hedhi ya kwanza. Anaweza kushika mimba bila kuona hata tone, na hana tarehe ya kukosa. Juu ya hayo, maziwa yanachukua foleti yake kila siku. Kwake hakuna hesabu ya kurudi nyuma. Kama hatumii uzazi wa mpango, ameze kila siku tangu sasa.

Na ukigundua umechelewa, harusi ni wiki ijayo? Anza leo. Mwezi mmoja kabla ni bora kuliko siku moja kabla, na siku moja kabla ni bora kuliko kungoja kliniki.

Umefaulu hatua hii kalenda ikiwa na alama mbili: ya kuanza, na ya wiki ya 12 ya mimba. Bi harusi wetu alama yake ya pili itakuwa 24 Novemba, siku 84 tangu tarehe 1 Septemba.

## Hatua ya 3: Chagua kidonge kwa kusoma namba

Hapa ndipo pesa na nia njema vinapopotea. Ukiingia duka la dawa ukasema tu "nipe foliki," mara nyingi unapewa kidonge kidogo cha njano cha 5 mg. Ni kile kile wanachomeza kila siku wagonjwa wa seli mundu, kwa hiyo kimejaa majumbani na kila mtu anakijua. Lakini 5 mg ni mikrogramu 5,000, zaidi ya mara 12 ya unachohitaji. Hakikatiki vipande 12.

Si sumu. Ila kwa mtu wa kawaida kina mambo mawili. Kwanza, kinaweza kuficha upungufu wa vitamini B12: damu inaonekana nzuri huku neva zikiendelea kuharibika. Pili, kinapunguza nguvu za SP, dawa ya kukinga malaria katika mimba, kwa sababu SP inaua vimelea kwa kuwanyima foleti, na wewe unawaletea sinia. Kikiwa ndicho pekee kilichopo, usikae bila kitu wala usijiamulie. Nenda nacho kwa daktari au muuguzi akuamulie.

Ukikuta vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, geuza pakiti usome. Vingi vina 60 mg za chuma na 0.4 mg za foliki asidi. Vingine vina 0.25 mg, ambayo haitoshi kwa kazi hii peke yake. Chuma kinaweza kukupa choo cheusi na kufunga choo. Choo cheusi kisikutishe.

### Wanaohitaji kipimo kikubwa

Aliyewahi kupata mimba yenye mgongo wazi au kichwa kisichokamilika, awe mtoto alizaliwa hai au la, yuko kundi lake. Bila kinga, nafasi ya kurudia ni kama tatu katika kila mimba 100. Jaribio lililofanywa katika nchi saba na kuchapishwa mwaka 1991 lilionyesha kwamba 4 mg kwa siku, zikianzwa kabla ya mimba, zilipunguza kurudia huko kwa asilimia 72. Mama huyu anahitaji daktari wa kumwandikia, na kwa kuwa kidonge cha 4 mg ni adimu, mara nyingi ataandikiwa cha 5 mg. Hapa ndipo kidonge cha njano kinapostahili. Atakitumia mpaka wiki ya 12 ya mimba, kisha atarudi kipimo cha kawaida.

Mume pia anahusika: kama yeye mwenyewe alizaliwa na mgongo wazi, au mke wa kwanza alimzalia mtoto wa namna hiyo, hilo lisemwe kwa daktari. Katika nyumba za wake wawili habari hizi zinajulikana jikoni na hazifiki kliniki.

Onyo kubwa: usijaribu kufikia 4 mg kwa kumeza vidonge kumi vya vitamini mchanganyiko. Utafika kwenye foliki, lakini vitamini A iliyomo itapita kiasi, nayo yenyewe inaharibu mtoto aliyeko tumboni.

Anayetumia dawa za kifafa, hasa valproeti, na pia kabamazepini, aonane na daktari kabla ya kutafuta mimba. Valproeti inaongeza hatari ya mgongo wazi mara nyingi, na foliki asidi haifuti hatari hiyo. Huenda daktari akambadilishia dawa. Lakini asiache mwenyewe hata siku moja: degedege la ghafla linaweza kumuua yeye na mimba. Anayemeza septrini kila siku na mwenye kisukari nao waende na orodha yao ya dawa.

Umefaulu hatua hii ukiwa unaweza kusema bila kuangalia pakiti: kidonge changu kina kiasi gani, na kwa nini hicho.

## Hatua ya 4: Meza kila siku, saa ile ile

Foleti inayeyuka kwenye maji. Akiba ya mwili ni ndogo, na inayozidi inatoka na mkojo, hivyo huwezi kumeza saba Ijumaa ukapumzika wiki nzima. Kifunge kidonge na kitu ambacho hukiachi: chai ya asubuhi, au baada ya isha.

Ramadhani haivunji mpango. Meza baada ya futari au wakati wa daku. Kama vidonge vyako vina chuma na daku vinakutia kichefuchefu, vihamishe baada ya futari, mbali na chai ya rangi kwa saa moja au mbili, kwa sababu chai inazuia chuma kuingia.

Ukisahau siku moja, endelea siku inayofuata na kidonge kimoja. Usifidie. Ukisahau wiki, rudi tu, lakini ujue akiba imeshuka, na kama mimba bado hujaitafuta ongeza wiki hizo kwenye kalenda.

Usingoje kuhisi kitu. Foliki asidi haikupi nguvu siku ya tatu wala haikunenepeshi. Wengi wanaiacha kwa sababu hiyo hasa: "sikuona kazi yake." Dalili ya kufaulu ni hesabu: siku 30, vidonge 30 vimetoka kwenye kopo.

## Hatua ya 5: Tengeneza sufuria

Chakula hakichukui nafasi ya kidonge hapa, na sababu ni ya hesabu. Foleti ya chakula inaingia mwilini kwa shida kuliko ya kidonge. Mikrogramu 400 za kidonge, zikimezwa pamoja na chakula, ni sawa na kama 670 za foleti ya chakula. Kikombe cha kunde zilizopikwa kina kama 350. Kwa hiyo ungehitaji karibu vikombe viwili vya kunde kila siku, bila kukosa, kwa miezi mitatu.

Hata hivyo sufuria ina kazi, maana ndiyo inayokulinda siku za kusahau. Kunde na choroko ndizo bora kwetu: rahisi, zipo mwaka mzima, na ukizipika kwa nazi mchuzi unaliwa, hivyo foleti iliyotoka kwenye punje bado unaipata. Tatizo liko kwenye mchicha. Tunauchemsha kwenye maji mengi, tunayamwaga, kisha tunaunga. Foleti nyingi imekwenda na yale maji. Tia maji kidogo sana, funika, dakika chache, usimwage.

Kisamvu ni jambo jingine. Kina foleti kibichi, lakini lazima kitwangwe na kichemke sana ili sumu yake itoke, na kuchemka huko kunaichoma foleti. Usipunguze muda wa kukipika kwa ajili ya foleti. Kile kwa utamu wake, foleti itafute kwingine.

Maini yana foleti nyingi, lakini yana vitamini A nyingi mno. Anayetafuta mimba asiyafanye dawa. Wali mweupe na muhogo havina kitu cha maana kwa upande huu. Unga wa ngano ulioongezwa virutubishi unasaidia, na gunia lake linaandikwa, basi lisome kabla ya kununua wa boflo, chapati na maandazi.

## Hatua ya 6: Hedhi ikikosa

Pima mkojo wiki ile ile. Usiache kidonge kwa hofu kwamba "dawa si nzuri kwa mimba changa". Hii ndiyo wiki iliyokusudiwa. Endelea mpaka alama ya pili ya kalenda, wiki ya 12.

Nenda kliniki mapema, na mweleze muuguzi kipimo unachotumia ili asikuongezee juu yake. Ukipangiwa SP, ambayo haitolewi kabla ya miezi mitatu ya mwanzo kwisha, hakikisha umeshashuka kutoka 5 mg.

Kisha panga kipimo cha picha cha ultrasaundi kati ya wiki ya 18 na ya 22. Kwa bi harusi wetu ni kati ya tarehe 5 Januari na 2 Februari. Sema wazi kwamba unataka mgongo na kichwa vitazamwe, kwa sababu picha nyingi zinaishia kwenye mapigo ya moyo na tarehe ya kujifungua. Katika mgongo wazi, picha ya kichwa mara nyingi inaonyesha kabla ya mgongo: fuvu linabonyea pande za mbele, na sehemu ya nyuma ya ubongo inajipinda kwa kuvutwa chini. Mpimaji mzoefu anaanzia hapo.

Ikionekana, faida ya kujua mapema ni kupanga mahali pa kuzaa. Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ina kitengo cha upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo. Mama wa Pemba aliyejua mwezi wa tano ana muda wa kutafuta nauli na wa kukaa naye. Aliyejua usiku wa kujifungua hana.

## Mtoto akishazaliwa na mgongo wazi

Mlaze kwa tumbo au ubavu, kamwe si chali. Funika uvimbe kwa shashi safi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali, juu yake nailoni safi ili isikauke. Usipake mafuta, majivu, dawa ya kienyeji wala spiriti. Usibonyeze, usitoboe. Utando ule ukipasuka, vijidudu vina njia ya moja kwa moja mpaka kwenye ubongo.

Mnyonyeshe, mtie joto, safiri. Kufungwa kwa kidonda kunalengwa ndani ya siku mbili au tatu. Upasuaji huo unazuia maambukizi na kuokoa neva zilizobaki, lakini haurudishi miguu iliyokwisha dhoofika, na ni haki ya wazazi kuambiwa hivyo kabla ya kutia saini.

Baada ya kurudi nyumbani kichwa kipimwe kwa futi ya kitambaa kila wiki, juu ya nyusi na kuzunguka kisogo, na namba iandikwe. Kichwa kikikua haraka, utosi ukatuna, macho yakaelekea chini au mtoto akatapika tapika, usingoje siku ya kliniki.

Kabla ya kutoka hospitali, omba barua inayotaja maradhi kwa jina lake, piga nakala, moja ibaki kwenye kopo la vidonge. Daktari atakayekuandikia kipimo kikubwa kabla ya mimba inayofuata atataka kuiona.